Shajara ya mradi: Redio inatuuzia magodoro mangapi?

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimekabidhiwa kazi hii baada ya kikao kirefu cha bajeti. Tunauza magodoro na vitanda, kwenye maduka yetu wenyewe ya Dar es Salaam na kupitia mawakala wa mikoani. Kwa wastani mauzo ni shilingi milioni 210 kwa wiki. Kila wiki redio inachukua kama milioni 9, Facebook na Instagram milioni 5, mabango milioni 4, na matangazo ya utafutaji wa Google milioni 1 na ushee.

Kilichozua mjadala ni ripoti ya mibofyo. Miaka michache iliyopita mtandao ulituonyesha oda nyingi zilizotokana na tangazo la Facebook. Leo unaonyesha chini ya nusu ya zile, na meneja wa fedha anataka bajeti hiyo ikatwe. Lakini mabinti wanaojibu WhatsApp wanasema simu zao hazijapumzika hata siku moja, na daftari lao la oda linawaunga mkono.

Kilichopungua ni uwezo wetu wa kuona. Tangu Aprili 2021, iPhone yenye iOS 14.5 inamuuliza mtu kama anakubali programu imfuatilie, na wengi hugusa kitufe cha kukataa. Wateja wetu wengi wanatumia Android, ila wenye iPhone ndio wanaonunua godoro la bei ya juu. Hapa nyumbani, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nasi tukaweka kisanduku cha ridhaa kwenye tovuti. Akikataa, hatumfuati. Na hata anayekubali huona godoro mtandaoni Jumanne, akauliza bei kwa WhatsApp Alhamisi, kisha Jumamosi akaenda Kariakoo na mumewe kulilalia kwanza ndipo alipie. Mbofyo hauwezi kuona safari hiyo.

Kwa hiyo tunaacha kumfuata mtu mmoja mmoja. Tunachukua jumla ya kila wiki: tumeuza kiasi gani, tumetumia kiasi gani kwenye kila njia, nini kingine kilitokea, kisha tunatafuta jinsi kupanda na kushuka kwa mauzo kunavyohusiana na kupanda na kushuka kwa hayo mengine. Hakuna jina la mteja wala namba ya simu inayohitajika. Hii ndiyo modeli ya mchanganyiko wa matangazo, na ilikuwepo kabla ya intaneti kuanza kutumika kibiashara.

Jumanne, 11 Februari

Siku nane nzima ni za data tu. Nina wiki 156, kuanzia 3 Januari 2022 hadi 29 Desemba 2024. Mauzo nimeyatoa kwenye risiti za EFD, kwa kuwa zina tarehe ya kweli. Vitabu vya mawakala vilikuwa vinaingizwa mwisho wa mwezi kwa mkupuo, hivyo mauzo ya wiki nne yakaonekana kama ya siku mbili.

Kosa kubwa zaidi nililikuta kwenye redio. Lahajedwali la fedha linaonyesha siku tuliyolipa ankara. Matangazo yaliyorushwa Machi tumeyalipia Mei. Ningeiachia modeli tarehe hizo, ingedhani redio ilisikika miezi miwili baada ya watu kununua. Ikabidi niombe kila kituo ratiba ya urushaji, nihesabu matangazo ya kila wiki, kisha nigawe gharama upya. Atakayefanya kazi hii baada yangu aanzie hapo, asianzie kwenye programu.

Jambo lingine nimelipata stoo: kulikuwa na wiki 9 ambazo godoro la 5 kwa 6 la inchi 8 liliisha kabisa. Ndilo linalotoka kuliko yote. Wiki hizo mauzo yalishuka na hakuna tangazo lenye hatia, kwa hiyo nimeziwekea safu yake: moja kwa wiki hizo, sifuri kwa zilizobaki.

Alhamisi, 20 Februari

Modeli ya kwanza imesimama. Kabla ya regresheni yenyewe, yaani hesabu inayotafuta uhusiano ule, matumizi ya kila njia yanapitishwa kwenye hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni mabaki. Mtu anayesikia tangazo leo hanunui godoro leo, anasubiri mshahara. Basi nguvu ya tangazo inagawanywa katika wiki zinazofuata, kila wiki ikibaki sehemu fulani ya iliyotangulia.

```python
def mabaki(x, lam):
    y = [(1 - lam) * x[0]]
    for v in x[1:]:
        y.append((1 - lam) * v + lam * y[-1])
    return y
```

Sehemu hiyo inayobaki ndiyo `lam`, na kwa redio imeangukia 0.6. Ukitumia milioni 10 wiki moja halafu ukanyamaza, milioni 4 zinafanya kazi wiki hiyo hiyo, milioni 2.4 wiki ya pili, 1.44 ya tatu, na kuendelea hadi zote kumi ziishe.

Hatua ya pili ni kushiba. Tangazo la ishirini kwa siku halileti wateja kama la tano, maana masikio ni yale yale. Ninatumia mkunjo wa Hill katika sura yake nyepesi:

```
athari = B * x / (x + k)
```

Hapa `x` ni matumizi yaliyokwisha kupita hatua ya kwanza, `B` ni kilele ambacho njia hiyo haiwezi kukivuka, na `k` ni matumizi yanayokufikisha nusu ya kilele. Kwa redio `k` imetoka milioni 12. Ukitumia milioni 12 kwa wiki unapata nusu ya kilele. Ukizidisha mara mbili hadi milioni 24 unapata theluthi mbili. Yaani umeongeza fedha kwa asilimia 100, athari ikaongezeka kwa theluthi moja tu.

Modeli inaeleza asilimia 91 ya mabadiliko ya mauzo, na inasema redio inaleta asilimia 24 ya mauzo yote. Hiyo ni milioni 50 kwa wiki kutokana na milioni 9, au shilingi 5.6 kwa kila shilingi moja. Faida yetu ghafi ni asilimia 30 ya mauzo, kwa hiyo tangazo linahitaji kuleta shilingi 3.33 ili lirudishe gharama yake. Kwa hesabu hii redio ni dhahabu.

Siiamini namba hii. Godoro halinunuliwi kila siku, na robo nzima ya mauzo kutokana na redio ni nyingi mno.

Alhamisi, 27 Februari

Nimefanya jaribio moja jepesi ambalo nadhani kila mtu angepaswa kulifanya. Nimeongeza kwenye modeli safu ya redio ya wiki mbili *zijazo*. Tangazo ambalo bado halijarushwa haliwezi kumuuzia mtu godoro leo. Ikiwa modeli ni safi, safu hiyo itapata namba iliyo karibu na sifuri.

Imepata namba inayokaribia ile ya redio ya wiki yenyewe.

Maana yake ni kwamba fedha za redio zinayafuata mauzo, au vyote viwili vinafuata kitu cha tatu. Nikashuka ghorofa ya chini kwa mama anayenunua nafasi za redio. Nikamuuliza, "Shikamoo mama, huwa unaamuaje wiki ya kuweka matangazo mengi?"

"Marahaba mwanangu. Naweka wanapokuwa na hela," akanijibu. "Mwisho wa mwezi, Ramadhani, na Desemba. Nani atamtangazia mtu godoro tarehe kumi na nane, mfuko mtupu?"

Yuko sahihi kabisa kibiashara, na ndiyo sababu modeli imepotea. Watu wangenunua zaidi wiki hizo hata bila tangazo. Modeli iliona redio na mauzo vikipanda pamoja, na kwa kuwa sikuwa nimeiambia kuhusu mishahara na Ramadhani, ikaipa redio sifa yote. Ile asilimia 91 haikunilinda. Modeli inaweza kubashiri mauzo vizuri sana huku ikiwa imekosea kabisa nani aliyeyaleta.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeongeza safu mbili za wiki. Ya kwanza ni ya mishahara, yaani wiki yenye siku kati ya tarehe 25 na tarehe 2. Ya pili ni ya Ramadhani, nikizitenga wiki mbili za mwisho kabla ya Idi, kwani ndipo nyumba nyingi hubadilisha mapazia, makochi na magodoro.

Ramadhani ilihitaji uangalifu. Programu nyingi hushughulikia misimu kwa mawimbi yanayojirudia kila baada ya wiki 52, na mawimbi hayo hayaujui mwezi mwandamo. Mwaka 2022 mfungo ulianza mwanzoni mwa Aprili, mwaka 2023 siku kama kumi na moja mapema zaidi, na mwaka 2024 karibu na katikati ya Machi. Wimbi la wiki 52 litaweka kilele palipokuwa na Idi ya mwaka juzi na kukikosa cha mwaka huu, kisha ziada itakayobaki itahesabiwa kwa tangazo lolote lililokuwa hewani. Kwa upande mwingine, kusogea huko kumenisaidia. Kama Ramadhani ingekaa mahali pamoja kila mwaka, nisingeweza kuitenganisha na mvua za masika.

Baada ya safu hizo, redio imeshuka kutoka asilimia 24 hadi 11 ya mauzo, na safu ya redio ijayo imekaribia sifuri. Nimefarijika, ila nikatazama upana wa makadirio: jibu linaweza kuwa popote kati ya asilimia 4 na 18. Kwa shilingi, ni kati ya 0.9 na 4.2 kwa kila shilingi moja. Mstari wetu wa 3.33 uko ndani ya wigo huo. Siwezi kumwambia meneja kama redio inalipa au haitulipi.

Na ukiangalia sababu, hakuna ujanja wa hesabu utakaolitatua hili. Katika wiki 156 nina wiki chache mno ambazo redio ilikuwa juu na mifuko mitupu, au redio chini na mifuko imejaa. Tukio ambalo halijawahi kutokea haliwezi kupimwa. Inabidi tulitengeneze.

Jumatatu, 24 Machi

Tumekubaliana kuzima redio katika baadhi ya mikoa. Vituo vinavyosikika nchi nzima haviwezekani kugawanywa, lakini tunanunua pia vituo vya mikoani, na hivyo tunaweza kuvinyamazisha kimoja kimoja.

Nimepanga mikoa minane kwa jozi: Mwanza na Mbeya, Tanga na Mtwara, Dodoma na Iringa, Arusha na Morogoro. Kila jozi ina mikoa yenye mauzo yanayokwenda kwa mwendo unaofanana. Tanga na Mtwara nimeziweka pamoja kwa makusudi, sababu zote ni za pwani na mauzo yao hupanda sana kuelekea Idi. Ningeiweka Tanga na Iringa, tofauti ya sikukuu ingeonekana kama tofauti ya redio. Kilimanjaro nimeiacha nje, kwa kuwa mtu wa Moshi anasikia vituo vya Arusha. Katika kila jozi tumerusha sarafu kuamua nani anazimwa, mbele ya meneja wa mauzo, ili asiwepo wa kusema tulichagua mikoa dhaifu.

Tutaanza 14 Aprili, wiki mbili baada ya Idi, na kuendelea wiki sita. Wiki za kulinganishia ni saba, kuanzia 6 Januari hadi 23 Februari, kabla ya mfungo kuanza.

Jumanne, 6 Mei

Kituo kimoja kwenye mkoa uliozimwa kimerusha matangazo yetu kwa siku nne. Walikuwa na nafasi tupu, wakatupa zawadi kama mteja wa muda mrefu. Kwa nia njema kabisa, lakini jaribio limechafuka kidogo. Tumegundua kwa sababu wakala wa huko alipiga simu kutushukuru kwa kurudi hewani. Nimeandika siku hizo, na kuanzia sasa vituo vyote vinne vina barua inayokataza nyongeza yoyote hadi 25 Mei. Mkoa huo siutupi. Nitahesabu matokeo pamoja na mkoa huo na bila huo nione kama jibu linabadilika.

Jumanne, 27 Mei

Matokeo. Mikoa minne iliyobaki na redio ilikuwa na wastani wa milioni 44 kwa wiki kabla ya jaribio, na milioni 46.2 wakati wa jaribio, yaani imepanda asilimia 5. Mikoa minne iliyozimwa ilikuwa na milioni 41, ikashuka hadi 39.4. Kama nayo ingepanda asilimia 5 kama wenzake, ingefikia 43.05. Pengo ni milioni 3.65 kwa wiki. Redio tuliyoizima ilikuwa ikigharimu milioni 1.5 kwa wiki. Gawanya, unapata shilingi 2.4.

Namba hiyo ni ndogo kuliko ukweli, na hapa ndipo mabaki yanaporudi. Tulipozima redio tarehe 14 Aprili, matangazo ya wiki za nyuma bado yalikuwa yanauza. Kwa `lam` ya 0.6, wiki ya kwanza ya ukimya tunakuwa tumepoteza asilimia 40 tu ya nguvu, wiki ya pili 64, ya tatu 78, hadi wiki ya sita asilimia 95. Wastani wa wiki sita ni asilimia 76. Kwa hiyo pengo la kweli ni 3.65 gawanya kwa 0.76, kama milioni 4.8, na kila shilingi ya redio ilikuwa ikileta shilingi 3.2.

Nilitaka pia kujua pengo kama hilo linaweza kujitokeza lenyewe mara ngapi. Nikarudi nyuma hadi mwaka 2024 nikafanya "majaribio" ya kubuni kwa mikoa ile ile, katika vipindi ambavyo hatukuzima chochote. Mapengo ya uongo yalicheza kati ya hasi milioni 1.1 na chanya milioni 1.1. Nikiutumia upana huo, jibu letu liko kati ya shilingi 2.2 na 4.2. Bila ule mkoa uliopewa zawadi, jibu linasogea juu kidogo na kubaki ndani ya wigo huo.

Sasa namba hii inaingia kwenye modeli kama makadirio ya awali. Nimehamia Meridian, programu huria ambayo Google iliitoa kwa wote Januari 2025, kwa kuwa inaniruhusu kuandika moja kwa moja ninachoamini kuhusu marejesho ya kila shilingi: katikati 3.2, kwa upana unaofunika 2.2 hadi 4.2. Modeli inapima imani hiyo dhidi ya wiki zote 156. Imetoa 3.0, wigo kati ya 2.4 na 3.7. Ni nyembamba mno ukiilinganisha na ile ya Machi, na wembamba wake wote umetokana na ile mikoa minne iliyonyamaza.

Kuna mpaka mmoja ambao nimeuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti: Dar es Salaam haikuwemo kwenye jaribio. Msikilizaji wa daladala ya Mbagala si lazima afanane na wa Iringa.

Jumatano, 4 Juni

Kikao cha bajeti. Swali la kwanza lilikuwa lile nililolitarajia: "Redio inaleta 3.0, tunahitaji 3.33, kwa nini tusiifute?"

Nikawaonyesha kwamba 3.0 ni wastani wa shilingi zote, wakati uamuzi unahusu shilingi za mwisho. Kwa mkunjo tulionao, milioni 9 za redio zinaleta mauzo ya milioni 27 kwa wiki, hivyo `B` ni 63. Tukishuka hadi milioni 6, redio italeta 63 × 6 / 18, ambayo ni milioni 21. Tunapoteza mauzo ya milioni 6, yaani faida ghafi ya milioni 1.8, na tunaokoa milioni 3. Wiki inabaki na milioni 1.2 zaidi mkononi. Zile milioni tatu za juu zilikuwa zinaleta shilingi 2 tu kwa kila shilingi, huku sita za chini zinaleta 3.5. Tukifuta yote, tunafuta na hizo zinazolipa.

Hesabu yenyewe inasema tungeweza kushuka hadi milioni 3. Hapo nimekataa. Kwenye data yetu yote kuna wiki chache sana ambazo redio ilikuwa chini ya milioni 5, kwa hiyo sehemu hiyo ya mkunjo imechorwa na fomula, haikuchorwa na wateja. Tutashuka hadi 6, tukae robo mwaka, tuone.

Kuhusu Facebook, iliyoanzisha yote haya, modeli inaipa shilingi 4.1, zaidi ya mara mbili ya ripoti ya mibofyo, lakini kwa wigo mpana unaoanzia 2. Sikukubali ikatwe, wala sikukubali ipewe milioni zilizotoka redioni kabla haijapita kwenye jaribio kama lile. Google nimeomba isisomwe peke yake. Wengi wanaobofya pale wameandika jina letu, na jina hilo wamelisikia redioni au wameliona kwenye bango. Modeli ikiiweka Google sambamba na redio, inampa mpokea wageni sifa ya aliyewaalika. Kwa sasa nimetenganisha utafutaji wa jina letu na ule wa maneno kama "godoro la 5 kwa 6 bei", na huu wa pili ndio pekee unaobaki kwenye modeli kama njia ya matangazo.

Mama wa redio ameshaandika oda ya Julai: milioni 6 kwa wiki. Nimemwomba wiki mbili kati ya hizo azihamishe kutoka mwisho wa mwezi ziende katikati, tarehe za mifuko mitupu. Alinitazama kwa muda, akasema, "Haya mwanangu, lakini hizo mbili nitaziandika jina lako." Zimeandikwa: wiki zinazoanza Jumatatu tarehe 7 na tarehe 14 Julai. Facebook itazimwa Tanga na Mwanza kuanzia 4 Agosti.